Taarifa ya miamala iliyo picha tupu: njia nne za kuihamishia kwenye Excel, na ipi ya kuchagua

Dada yangu anauza vitenge na khanga Masasi. Biashara yake inategemea sana Novemba na Desemba, malipo ya korosho yanapoanza kuwafikia wakulima na watu wanakuja sokoni na fedha mkononi. Mwisho wa Desemba alinitumia faili kwa WhatsApp, na chini yake ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, hii ni taarifa yangu ya miezi mitatu. Nataka kujua makato yamenila kiasi gani, na nyumbani nimetumia kiasi gani, kabla sijalipa ada za watoto. Nipangie kwenye Excel."

Faili lenyewe lilikuwa PDF ya kurasa 6. Alikuwa amepewa taarifa ya fedha za simu iliyochapwa kwenye karatasi, akaipeleka steshenari ikaskaniwa. Kwa macho inasomeka vizuri kabisa. Kwa kompyuta, hakuna hata herufi moja mle ndani. Kila ukurasa ni picha moja kubwa, sawa na picha ya harusi.

Kujua kama faili lako ni la namna hiyo ni kazi ya sekunde kumi. Lifungue, jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kwa mausi. Neno likikubali kushikwa peke yake, una maandishi. Ukishika na ukurasa mzima ukawa kivuli kimoja, au hakuna kinachoshikika, una picha. Kipimo cha pili: tafuta kwa `Ctrl+F` jina ambalo unaliona kabisa kwenye ukurasa. Likikosekana, ni picha.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, uliza kama faili la asili bado linapatikana. Taarifa inayotumwa na mtandao wa simu wenyewe kwa barua pepe au kwenye programu ya simu kwa kawaida huwa na maandishi ya kweli, na wakati mwingine ina nywila. Wengi hulichapa au kulipiga picha ili kukwepa ile nywila, na hapo ndipo linapogeuka picha. Kama unaweza kuomba jingine, omba. Excel ya kompyuta ina `Get Data` → `From File` → `From PDF` ambayo huvuta jedwali kutoka PDF yenye maandishi, na kazi inaisha mapema. Kwa PDF ya picha njia hiyo haikusaidii. Itafungua faili lakini haitaona jedwali lolote.

Dada hakuwa na barua pepe iliyosajiliwa kwenye laini yake, na foleni ya kuomba upya Desemba hakuitaka. Kwa hiyo tulibaki na picha, kurasa 6, mistari 148. Nilichukua ukurasa wa tatu, wenye mistari 25, nikaupitisha kwenye njia nne ili nijue ipi inafaa kwa zilizobaki. Ninayoeleza hapa ni ya ukurasa huo na faili hilo. Ubora wa skani ukibadilika, dakika zitabadilika pia, lakini aina za makosa utazikuta zilezile.

Kuandika kwa mkono

Watu huidharau njia hii, nami siidharau. Unafungua picha upande mmoja wa kioo na Excel upande wa pili, unaandika. Mistari 25 ilinichukua dakika 22, na nilikosea mara mbili. Kosa moja lilikuwa la kugeuza tarakimu: 36,500 niliiandika 35,600.

Kosa hilo lina alama yake ambayo wahasibu wa zamani wanaijua vizuri. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila kubaki. 36,500 toa 35,600 ni 900, na 900 kwa 9 ni 100. Ukiandika kwa mkono na hesabu ikagoma kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzwa kabla ya kutafuta kitu kingine.

Faida ya mkono ni kwamba huhitaji umeme mwingi, bando wala programu, na unapoandika unaisoma taarifa yako kwa kweli. Kwa ukurasa mmoja au miwili, hakuna njia nyingine ninayoipendekeza. Kwa mistari 148 ni zaidi ya saa mbili za kukaa, na mtu akichoka ndipo tarakimu zinapoanza kucheza.

Excel ya simu, kwa picha

Programu ya Excel ya simu ina kitu kinachoitwa `Data from Picture`. Unakipata kwenye `Insert`. Unaweza kupiga picha papo hapo au kuchagua picha iliyoko kwenye simu. Kwenye Excel ya Microsoft 365 ya kompyuta kiko `Data` → `From Picture` → `Picture From File`. Hakipokei PDF, kinataka picha. Kwa hiyo unafungua PDF, unakuza ukurasa ujaze kioo, unapiga skrinishoti, kisha unakata kingo ibaki jedwali tupu.

Huko kukata kingo ndiko kunakoleta tofauti kubwa. Mara ya kwanza niliiachia picha nzima, na nembo, anwani na maneno ya chini. Ikanipa jedwali la safu tisa badala ya sita, kwa sababu kila neno lililosimama peke yake ililitafutia safu yake. Nilipobakiza vichwa vya safu na mistari tu, safu zikawa sita. Ukurasa mrefu ukatwe vipande viwili, vinginevyo maandishi yanakuwa madogo mno.

Kisha programu inakuonyesha visanduku ambavyo haina uhakika navyo na kukuomba uvithibitishe kimoja kimoja huku kipande cha picha kikiwa juu yake. Hapa nawasihi watu wasiharakishe kubofya kukubali vyote. Lakini pia usidhani kuwa visanduku ambavyo haikuvitilia shaka viko salama. Kwenye ukurasa wangu ilitilia shaka visanduku vinne, vitatu kati yake vilikuwa sahihi. Kosa kubwa kuliko yote haikulionyesha kabisa: mstari ambao safu ya "imeingia" ilikuwa tupu, kiasi cha "imetoka" kikasogea kushoto na kukaa kwenye "imeingia". Elfu 50 alizotoa dada kwa wakala zikawa elfu 50 alizopokea.

Dakika 9 kwa ukurasa, pamoja na kurekebisha. Inahitaji intaneti, kwa kuwa picha inaenda kusomwa kwenye seva. Kwa mwenye simu pekee hii ndiyo njia.

Google Drive na Google Docs

Wengi wanaijua hii kwa sababu ni ya bure na haina cha kusakinisha. Kwenye kompyuta unapakia PDF kwenye Drive, unabofya kulia, `Open with` → `Google Docs`, na inakufungulia hati yenye maandishi yaliyosomwa. Google wenyewe wanashauri faili lisizidi megabaiti 2, maandishi yawe na urefu wa angalau pikseli 10, na ukurasa uwe umesimama wima. Faili la dada lilikuwa megabaiti 4.1, ikabidi nitoe ukurasa wa tatu peke yake.

Herufi zilisomwa vizuri, pengine kuliko njia nyingine zote. Tatizo ni jedwali. Google wanaeleza kwamba safu na majedwali huenda yasitambuliwe, na ndivyo ilivyokuwa: nilipata tarehe zote 25 zikiwa zimepangana juu, halafu maelezo yote, halafu viasi vyote vikiwa mfululizo mmoja bila kuonyesha kipi kiliingia na kipi kilitoka. Kila kitu kipo, lakini mstari umevunjika. Nilijaribu kuviunganisha upya kwa dakika 35 nikaacha, maana mistari miwili ya maelezo ilikuwa imejikunja na kuwa minne, hivyo orodha ya maelezo ilikuwa na mistari 27 na ya tarehe 25.

Kama unataka kutafuta tu jina la mtu fulani au namba ya muamala kwenye taarifa ndefu, Google Docs inatosha. Kwa bajeti, iache.

Laptopu yako mwenyewe, bila intaneti

Hii inatumia Tesseract, programu huria ya kusoma maandishi kwenye picha. Ilianza kutengenezwa katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na ikawekwa huru 2005. Juu yake kuna OCRmyPDF, ambayo inachukua PDF ya picha na kukurudishia PDF ileile ikiwa na maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha. Kwenye Ubuntu unasakinisha mara moja:

```
sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa poppler-utils
```

Halafu kazi yenyewe ni amri mbili:

```
ocrmypdf -l eng+swa --deskew taarifa.pdf taarifa-soma.pdf
pdftotext -layout taarifa-soma.pdf taarifa.txt
```

`--deskew` inanyoosha ukurasa ulioskaniwa umeinama, jambo ambalo kwenye karatasi za steshenari ni la kawaida. `-layout` ndiyo siri ya njia hii: inaliweka kila neno mahali pake kwa nafasi, hivyo safu iliyo tupu inabaki tupu na kiasi hakisogei kwenda kwa jirani. Faili la `taarifa.txt` unalifungua kwenye LibreOffice Calc au Excel na kuonyesha kwa mausi mipaka ya safu ilipo.

Ukipenda kuona kuliko kuandika amri, ichukue ile `taarifa-soma.pdf` uifungue kwa Tabula, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari chako lakini kwenye kompyuta yako mwenyewe. Unachora kisanduku kuzunguka jedwali, unachagua `Stream`, unapata faili la CSV ambalo Excel inalifungua kama jedwali. Tabula peke yake haiwezi PDF ya picha. Inataka OCRmyPDF iwe imetangulia. Nimeona watu wakiilaumu Tabula kwamba ni mbovu, kumbe waliiruka hatua hiyo.

Kusakinisha kulinichukua jioni nzima mara ya kwanza. Kwenye Windows ni kazi zaidi, kwa sababu unasakinisha Python, Tesseract na Ghostscript kila kimoja peke yake. Baada ya hapo ukurasa unachukua kama dakika 4, karibu zote zikiwa za kukagua, na kurasa 6 zinapita kwa amri zilezile mbili.

Mimi naipenda pia kwa sababu nyingine, ya kwetu huku kusini. Mei 2024 barabara ya kwenda Dar ilikatika upande wa Somanga baada ya mvua za kimbunga Hidaya, na wiki iliyofuata nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikasuasua nchi nzima. Kazi iliyokuwa kwenye laptopu iliendelea.

Kuna njia ya tano, tovuti zinazobadilisha PDF kuwa Excel kwa kubofya mara moja. Sikuzijaribu na faili la dada. Taarifa yake ina majina na namba za simu za wateja wake zaidi ya arobaini, ambao Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazitambua namba zao kuwa taarifa binafsi, na hawakumruhusu mtu azipakie kwenye tovuti ambayo hata mwenye nayo hatumjui.

Ukurasa wa tatu, kwa kifupi:

| Njia | Muda | Kosa lililosumbua |
|---|---|---|
| Mkono | dakika 22 | tarakimu kugeuzwa |
| Excel ya simu | dakika 9 | kiasi kuhamia safu nyingine |
| Google Docs | 35, sikumaliza | mistari kuvunjika |
| OCRmyPDF | dakika 4, baada ya kusakinisha | tarakimu kusomwa vibaya |

Ukiangalia jedwali hilo utaona kuwa hakuna njia isiyo na makosa. Kinachoamua ni kama makosa hayo utayaona. Na taarifa ya miamala ina zawadi ambayo risiti na stakabadhi nyingine hazina: safu ya salio. Kila mstari unakwambia fedha zilizobaki, kwa hiyo kila mstari unaweza kuukagua ule uliotangulia.

Salio ndilo hakimu

Tuseme safu D ni zilizoingia, E ni zilizotoka, F ni salio, na mistari inaanzia ya zamani kwenda mpya. Kwenye G3 andika hivi, kisha uiburute hadi chini:

```
=ROUND(F2+D3-E3-F3,2)
```

Kila kisanduku cha G kinapaswa kuwa 0. Kama taarifa yako inaanza na muamala mpya juu, kama zilivyo nyingi, geuza: `=ROUND(F3+D2-E2-F2,2)` kwenye G2, na uishie mstari mmoja kabla ya ule wa mwisho. Kama makato yana safu yake badala ya mstari wake, yatoe pia.

Sasa angalia kipande hiki cha ukurasa wa dada, kama kilivyo kwenye karatasi:

| Maelezo | Imeingia | Imetoka | Salio |
|---|---|---|---|
| Salio la mwanzo | | | 84,300 |
| Kutoa kwa wakala | | 50,000 | 34,300 |
| Makato | | 2,000 | 32,300 |
| Kupokea | 120,000 | | 152,300 |
| Umeme | | 10,000 | 142,300 |

Kosa la aina moja linaacha alama ya aina moja kwenye G, na ukizijua alama hizo huna haja ya kukagua mistari yote 148.

Programu ikisoma salio 152,300 kuwa 162,300, utaona mistari miwili mfululizo imegoma: −10,000 kwenye "Kupokea", halafu 10,000 kwenye "Umeme". Viasi sawa, alama kinyume. Hapo usiguse D wala E. Kosa liko kwenye F ya mstari wa juu kati ya hiyo miwili.

Ikisoma umeme wa 10,000 kuwa 16,000, mstari mmoja tu unagoma, −6,000, na unaofuata uko sawa. Tofauti yenye tarakimu moja na sifuri nyuma yake karibu kila mara ni tarakimu moja iliyosomwa vibaya: 0 na 6, 3 na 8, 1 na 7.

Mstari mzima wa makato ukipotea, mstari wa "Kupokea" unagoma kwa 2,000. Hapa napo ni mstari mmoja, lakini kiasi ni kile hasa ambacho kimezoeleka kuwa makato. Ukiona 2,000 imejitokeza hivyo, hesabu mistari ya ukurasa kwenye picha kabla ya kubadilisha tarakimu yoyote. Mistari hupotea zaidi mwisho wa ukurasa mmoja na mwanzo wa unaofuata.

Kiasi kikihamia safu nyingine, kama ile elfu 50 ya Excel ya simu, G inaonyesha 100,000, yaani mara mbili ya kiasi. Gawa kwa mbili, tafuta kiasi hicho kwenye mstari huohuo, kirudishe mahali pake.

Na nukta ya senti ikipotea, 10,000.00 ikawa 1000000, tofauti inakuwa mara 99 ya kiasi cha kweli, hapa −990,000. Kiasi kikubwa hivyo utakiona tu, lakini ni vizuri kujua kilikotoka, maana kikitokea mara moja mara nyingi kimetokea na kwingine kwenye skani hiyohiyo.

Kuna shimo moja ambalo nilitumbukia mwenyewe. G yote ilikuwa 0, nikafurahi, nikajumlisha safu E kwa `SUM` ikanipa chini ya nusu ya nilichotarajia. Sababu ni kwamba baadhi ya viasi vilikuwa vimeingia kama maandishi. Ukivitumia kwenye kujumlisha na kutoa kwa alama za + na −, Excel inavigeuza namba kimyakimya. `SUM` inaviruka bila kusema neno. Utavitambua kwa kuwa vimeegemea kushoto mwa kisanduku wakati namba za kweli huegemea kulia. Vigeuze kwa safu ya pembeni:

```
=IF(E3="",0,VALUE(SUBSTITUTE(E3,",","")))
```

Ikikupa `#VALUE!`, kuna herufi mle ndani, mara nyingi O mahali pa 0 au l mahali pa 1. Kosa la namna hiyo ni jema, kwa sababu linapiga kelele. Tarakimu iliyogeuka tarakimu nyingine ndiyo iliyo kimya, na ndiyo maana ya safu G.

Salio halitakusaidia kwenye tarehe. 03/11/2024 inaweza kusomwa kuwa Machi 11 kama lahajedwali lako limewekwa kwa mtindo wa Marekani, na hesabu zote zikabaki sawa huku bajeti ya Novemba ikikosa karibu siku zote kumi na mbili za mwanzo. Weka mpangilio wa nchi kwanza, kabla ya kubandika chochote. Kisha angalia: tarehe za siku ya 13 kwenda juu zikiegemea kushoto na za siku 1 hadi 12 zikiegemea kulia, tayari zimegeuzwa. Na namba ya muamala iwe maandishi, kwa sababu Excel inashika tarakimu 15 tu. Za ziada zinakuwa sifuri na huwezi kuzirudisha. Namba ya simu nayo ikiwa namba inapoteza 0 ya mwanzo.

Basi uchague ipi?

Kurasa mbili au pungufu, andika kwa mkono. Una simu tu, tumia Excel ya simu, kipande kwa kipande, na uiangalie G hasa kwa viasi vilivyoongezeka mara mbili. Una laptopu na kurasa zaidi ya tatu, au utalifanya jambo hili kila robo ya mwaka, vumilia ile jioni moja ya kusakinisha OCRmyPDF. Hapo ndipo ninaposimama, na ndiyo niliyotumia kwa kurasa zote 6.

Ila njia yoyote utakayochagua, skani nzuri inaokoa kazi kuliko programu nzuri. Mwambie wa steshenari aweke nukta 300 kwa inchi. Bei ni ileile. Kama unapiga picha kwa simu, laza karatasi mezani karibu na dirisha, simu iwe juu kabisa isiegemee, na kivuli cha mkono wako kisiingie. Na ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama `Document`. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana, na kinachokufa kwanza ni zile koma na nukta ndogo ambazo ndizo zinazotenganisha elfu kumi na milioni moja.

Kwenye faili la dada, baada ya OCRmyPDF, mistari 11 kati ya 148 iligoma kwenye G. Mitano ilikuwa ya masalio yaliyosomwa vibaya na ya tarakimu nyingine moja moja, minne ilikuwa 3 zilizosomwa 8, na miwili ilikuwa mistari ya makato iliyoangukia kati ya kurasa. Nilirekebisha kila kimoja nikitazama picha, kamwe sikubuni kiasi kwa sababu tu kingefanya G iwe 0. Ukifanya hivyo unaweza kuificha mistari miwili iliyopotea chini ya tarakimu moja ya uongo. G ilipokuwa 0 yote na salio la mwisho likalingana na la ukurasa wa 6, nikaongeza safu H ya aina ya matumizi: mzigo, nyumbani, ada, umeme, makato, na "taslimu" kwa fedha alizotoa kwa wakala.

Hiyo "taslimu" tuliizungumza kidogo kwa simu. Kutoa fedha siyo kuzitumia; ukiziita matumizi ya nyumbani unajidanganya, na ukiziacha nje bajeti inabaki na tundu. Dada alikaa na daftari lake la dukani akanisomea zilikokwenda zile kubwa, na zilizobaki tukaziacha na jina lao. Vivyo hivyo fedha alizohamisha kwenda benki tulizipa jina la "kuhamisha", zisihesabiwe popote. Kisha:

```
=SUMIF(H:H,"makato",E:E)
```

Makato ya miezi mitatu yalikuwa shilingi 96,400. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa nini Desemba 14 peke yake ilikuwa na makato mara nne. Tukafungua ukurasa wa 5 kwenye picha. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na alikuwa ametoa kidogokidogo kwa wakala mara nne kati ya asubuhi na saa tisa, kila mara akiogopa kutembea na fedha nyingi. "Basi mwaka huu," akasema, "wenye vitenge vyao nitawalipa hukohuko kwa simu, nione safu hiyo itasomaje Machi."